Nani Hasa Anakulipa? Mazungumzo na Watafuta Kazi za Mbali, Tononoka

Assalaam aleikum, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliojaa hadi mlangoni. Hamjambo nyote.

Mimi ni mweka hesabu. Kwa miaka tisa sasa nawatunzia hesabu wafanyabiashara wa ng'ambo nikiwa nyumbani kwangu Tudor, na wengi wenu mnanijua kwa sababu mmewahi kunibishia mlango na simu mkononi mkiniuliza, "Dada, hii barua ya kazi ni ya kweli?" Kisha miezi miwili baadaye wale waliopata kazi hunirudia na swali la pili: "Dada, mbona pesa hazitoshi?"

Nimekaa na maswali haya mawili mpaka nikaona ni swali moja. Ukiujua ukweli wa nani hasa anakulipa, yaani ni kampuni gani, ya nchi gani, na inakulipa ukiwa nani kwake, utajua kama kazi ipo, na utajua shilingi ngapi zitabaki mfukoni mwako. Kwa hivyo leo nitalifuata swali hilo moja tu.

Nianze na yaliyonipata mimi. Kabla sijapata mteja wangu wa kwanza, niliandikiwa barua pepe na mtu aliyesema anatoka katika kampuni moja ya London. Nikaikagua kampuni: ipo, ina jina, ina nambari ya usajili, ina tovuti nzuri. Mahojiano yakafanywa kwa kuandikiana tu, hakuna sauti, hakuna sura. Siku ya pili nimepata kazi. Nikatuma shilingi 6,000 za mafunzo, nikaambiwa zitarudishwa na mshahara wa kwanza. Wiki iliyofuata nikaambiwa kompyuta yangu ya kazi imefika bandarini Kilindini na imezuiliwa, nitume 18,500 za ushuru kwa nambari fulani ya simu.

Kaka yangu ni wakala wa forodha. Nilipomsomea ujumbe ule akaniuliza mambo mawili tu. La kwanza, kompyuta moja tangu lini ikaja kwa meli? La pili, ushuru ni pesa ya KRA, na KRA hutoa nambari ya malipo kutoka kwenye mfumo wake. Sasa huyu mwenye simu ni nani? Nikanyamaza. Zile 18,500 zilipona, zile 6,000 hazikurudi.

Nataka mlione kosa langu hasa lilikuwa wapi, kwa sababu vijana wengi wanalirudia leo. Kampuni ile nilikuwa nimeikagua, na ilikuwa ya kweli. Ila yule aliyeniandikia hakuwa mtu wake. Tapeli anayejua kazi yake hajisumbui kubuni kampuni. Anaazima jina la kampuni hai, maana anajua utakwenda kuitafuta.

Basi ukaguzi una sehemu mbili, na ya pili ndiyo inayookoa watu.

Sehemu ya kwanza ni kampuni. Mwombe anayekuandikia jina kamili la kisheria la kampuni itakayotia saini mkataba, pamoja na nambari ya usajili. Mwajiri wa kweli haoni vibaya kuulizwa hivyo. Ikiwa kampuni ni ya Uingereza, ingia kwenye daftari la Companies House, ni bure na liko wazi kwa mtu yeyote duniani. Ikiwa ni ya Ujerumani, liko handelsregister.de, nalo tangu 2022 halitozi kitu kulisoma. Usitosheke na kuona jina. Angalia kampuni ilisajiliwa lini, na kama imewahi kuwasilisha hesabu za mwaka. Kampuni iliyosajiliwa miezi mitatu iliyopita, haijawasilisha hesabu hata mara moja, na inasema ina wafanyakazi mia tatu, hiyo ina maelezo ya kukupa. Marekani ni tofauti, usajili uko kwa kila jimbo, na jimbo kama Delaware litakuonyesha bure mambo machache tu, kama jina, nambari na tarehe. Hapo utaegemea zaidi sehemu ya pili.

Sehemu ya pili ni mtu. Tazama kilicho baada ya alama ya @ kwenye barua pepe yake. Matapeli hupenda kuongeza neno: badala ya jina la kampuni pekee, utaona jina, kistari, kisha "careers" au "hr". Hicho kijina kizima kipeleke kwenye ukurasa wa lookup.icann.org, usome tarehe iliyo mbele ya neno `Created`. Anayejua kutumia kompyuta kwa amri anaweza kuandika hivi, kisha atafute mstari wa `Creation Date`:

```
whois example.com
```

Kampuni ina miaka kumi na tano, lakini anwani ya barua pepe imezaliwa wiki tatu zilizopita? Hapo hakuna kazi. Kisha fanya jambo ambalo mimi sikulifanya. Andika anwani ya tovuti ya kampuni kwa mkono wako mwenyewe, usibofye kiungo ulichotumiwa, tafuta barua pepe iliyoko pale, uwaulize: "Nimeandikiwa na mtu wenu fulani kuhusu nafasi hii. Je, ni kweli?" Sentensi mbili. Katika miaka hii nimewaona watu wanane wakijibiwa "hatumjui mtu huyo, asante kwa kutuarifu". Na nimemwona mmoja aliyejibiwa "ndiyo, ni mwenzetu", na leo yumo kazini.

Kuhusu kulipia kazi, sitasema mengi. Mwajiri hakutozi mafunzo, wala kompyuta, wala "kufungua akaunti ya mshahara". Na ukiona mtu anataka kukukodisha akaunti yake ya kazi za mtandaoni, iliyo na jina na sura ya mtu mwingine, jua kwamba pesa zitaingia kwa mwenye jina, na siku akaunti ikifungwa huna pa kulalamikia.

Sasa tuje kwa waliopata kazi ya kweli, maana huko ndiko hasara ya kimya ilipo.

Binti mmoja wa Likoni alinijia mwaka jana na barua ya kampuni ya Uingereza, kazi ya kuwahudumia wateja wa programu zao. Tulikagua pamoja, ikawa safi. Kwa kuwa wateja wengi wa kampuni ile ni Wamarekani, ililipa kwa dola. Na ikampa achague mojawapo ya njia mbili. Njia ya kwanza, dola 1,200 kwa mwezi akiwa frilansa, yaani anajitegemea na kupeleka ankara kila mwezi. Njia ya pili, mshahara wa shilingi 140,000 kabla ya makato, akiajiriwa na kampuni ya hapa Kenya inayoajiri kwa niaba ya wale Waingereza. Kampuni za namna hiyo zipo, na kazi yao ndiyo hiyo: zinakuwa mwajiri wako kisheria, zinakata na kupeleka kila kinachotakiwa, na ng'ambo wanawalipa wao.

Binti alishaamua. Kwa kiwango cha siku ile, dola ilikuwa shilingi 129, kwa hivyo 1,200 ni 154,800. Tena barua ilisema "kodi zako utazishughulikia mwenyewe", naye akaisoma kama "hukatwi kitu". 154,800 bila makato, dhidi ya 140,000 yenye makato. Nani angechagua ya pili?

Nikamwambia akae, tupige hesabu.

Kwanza njia yenyewe ya pesa. Kampuni ilitaka kutuma kwa benki, kwa SWIFT, mtandao ambao benki za nchi mbalimbali hutumiana malipo. Pesa ya dola ikitoka London kuja hapa mara nyingi hupitia benki ya katikati, na hiyo hukata chake njiani. Kwake ilikuwa dola 25. Zikifika 1,175, benki ya hapa hainunui dola kwa 129 uliyoiona kwenye simu. Inanunua kwa bei yake, na siku ile ilikuwa 127. Zidisha: 149,225. Karibu shilingi 5,600 zimekwisha kabla hata hajaziona.

Kuna mahali pa kuziba. Kwenye fomu ya kutuma SWIFT anayetuma huchagua nani abebe gharama: `OUR` maana yake ni mtumaji, `SHA` ni kugawana, `BEN` ni mpokeaji kubeba zote. Tulimwandikia mwajiri atumie `OUR`, na iandikwe kwenye mkataba. Wakakubali siku hiyo hiyo. Dola 25 kwa mwezi kwa bei ya 127 ni shilingi 38,100 kwa mwaka, na zilipatikana kwa kuomba tu. Ile tofauti ya 129 na 127 `OUR` haiigusi. Hiyo unaipunguza kwa kulinganisha benki, au kwa kuweka akaunti ya dola na kuuza unapotaka mwenyewe. Kuna wanaopokea kwa kampuni za kutuma pesa zinazofikisha moja kwa moja kwenye M-Pesa. Ni haraka, lakini kumbukeni muamala mmoja wa M-Pesa hauzidi 250,000 na akaunti haishiki zaidi ya 500,000. Na siku mwajiri akisema "tumetuma" na wewe huoni kitu, usibishane naye. Mwombe nakala ya hati ya benki inayothibitisha kutumwa, ambayo wengi huiita `MT103`, uipeleke benki yako waifuatilie. Mwajiri asiyeweza kukupa hati hiyo baada ya wiki moja, mara nyingi hakutuma.

Sasa kodi. Hapa naomba mnisikilize kwa makini.

Mwenye makazi ya kudumu Kenya, aliyekuwepo nchini hata siku moja katika mwaka, ni mkazi kwa kodi. Binti wa Likoni anayelala Likoni ni mkazi. Kazi anaifanya akiwa Likoni. Mwingereza hana kodi ya kumkata, kwa sababu kazi haikufanyika kwake na mfanyakazi si mkazi wake. Kenya ndiyo yenye haki hiyo, na haijali kwamba pesa zilitoka nje. Mwajiri wa ng'ambo asiye na ofisi hapa hatamkatia PAYE, kodi ya mshahara ya kila mwezi, basi jukumu limehamia kwa binti. Ile sentensi ya "utazishughulikia mwenyewe" maana yake ilikuwa hiyo.

Tuchukue 150,000 zinazoingia kila mwezi, ili hesabu iwe nyepesi. Kwa kuwa anajitegemea, anaruhusiwa kutoa gharama za kazi yenyewe: intaneti, umeme wa saa za kazi, na mengine ya kweli. Tukaweka 10,000. Angalizo: tangu Januari 2024 gharama nyingi zisizo na ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara wa KRA, hazikubaliwi, kwa hivyo fundi aliyekutengenezea kompyuta bila ankara hiyo hakukusaidia kitu kwenye kodi. Zinabaki 140,000. Toa ushuru wa nyumba, asilimia 1.5 ya pato lote, ni 2,250. Nao haumhusu mwenye mwajiri pekee. Toa bima ya afya ya SHA, ambayo si ile `SHA` ya kutuma pesa, tukikadiria kwa asilimia 2.75, ni 4,125. Zimebaki 133,625 za kutozwa kodi.

Viwango vya kodi ni hivi. Shilingi 24,000 za kwanza za mwezi, asilimia 10. Shilingi 8,333 zinazofuata, asilimia 25. Zinazobaki, mpaka kufikia 500,000, asilimia 30. Kisha unapewa nafuu ya 2,400. Kwa binti wetu kodi ikatoka 32,470 kwa mwezi. Zinazobaki mkononi ni kama 101,150.

Ule upande wa pili tukaupiga vilevile. Mshahara wa 140,000: SHA 3,850, ushuru wa nyumba 2,100, kodi kama 32,600. Kinabaki 101,450, kabla ya NSSF. Na NSSF, kila anachokatwa yeye mwajiri anamwongezea kiasi kama hicho, na ni akiba yake.

Binti alinitazama, akaitazama karatasi. Dola 1,200 za uhuru na shilingi 140,000 za ajira zilikuwa kitu kimoja. Tena zile za ajira zina likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka kwa malipo, zina likizo ya uzazi ya miezi mitatu, na kama akiachishwa ana notisi ya siku 28. Hayo yote yamo katika Sheria ya Ajira ya 2007. Frilansa akilala hospitali wiki mbili, ankara yake inalala naye.

Msinielewe vibaya, siwaambii mkatae ufrilansa. Mimi mwenyewe ni frilansa, nina wateja wanne, na sheria inaniruhusu. Lakini ukiwa na bosi mmoja, saa alizokupangia yeye, na likizo ya kumwomba yeye, jueni kwamba jina lililoko juu ya mkataba haliamui kila kitu. Mahakama na KRA hutazama kazi yenyewe inavyofanyika. Na ukichagua kujitegemea, dai bei ya kujitegemea.

Kuna pigo moja ambalo nimeliona likivunja watu, nalo ni la kalenda. Aliyeajiriwa hukatwa kila mwezi, haioni pesa ya kodi, haimtamanishi. Frilansa huiona. Binti wetu angedaiwa kama 389,650 kwa mwaka. Sheria inataka mtu ambaye kodi yake ya mwaka inazidi 40,000 alipe kwa awamu nne, tarehe 20 ya Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Kwake ni kama 97,400 kila awamu. Salio, kama lipo, hulipwa kufikia 30 Aprili ya mwaka unaofuata, na ritani hupelekwa kufikia 30 Juni. Anayengoja Juni ndipo aanze kupiga hesabu, anakuta deni limeshachelewa: faini ya asilimia 5, kwake kama 19,500, na riba ya asilimia 1 kila mwezi, kama 3,900. Mimi hufanya hivi: siku ankara inapolipwa, kabla sijanunua hata kiberiti, robo ya pesa inahamia akaunti nyingine ambayo haina kadi.

Na wengine hufanya kosa baya zaidi. Wanaona hawana P9, ile fomu ya mwajiri, basi wanapeleka ritani tupu ya sifuri. P9 ni karatasi ya mwajiri. Kuikosa hakufuti mapato yaliyoingia benki. Ritani ya sifuri ni tamko lako wewe kwamba hukupata kitu, na taarifa ya benki inasema vingine.

Mzee pale nyuma aliniuliza kabla hatujaanza kuhusu ile fomu ya Wamarekani, `W-8BEN`. Mwanawe ametumiwa na anaogopa. Mzee wangu, mwambie aijaze. Fomu ile inamwambia mlipaji wa Marekani kwamba mpokeaji si Mmarekani. Kwa kazi iliyofanyiwa Mombasa, pato halihesabiwi kuwa la Marekani, na hapaswi kukatwa ile asilimia 30 yao. Nambari ya kodi ya nchi yake ataandika PIN ya KRA. Fomu haiombi nywila wala malipo yoyote. Ikiomba, si yenyewe. Asiijaze `W-9`, hiyo ni ya Wamarekani. Na kampuni ikisema imemkata kodi ya kigeni, aombe cheti cha kukatwa. Kenya ina mikataba ya kodi na Uingereza, Ujerumani na Kanada, miongoni mwa nchi nyingine, lakini na Marekani haina, kwa hivyo kilichokatwa kule kimakosa ni vigumu sana kukidai huku. Kizuiwe kabla hakijakatwa.

Nirudi kwa binti wa Likoni. Tuliwaandikia Waingereza kwamba akiwa frilansa bei yake ni dola 1,350, kwa `OUR`, na miezi miwili ya kwanza alipwe kila wiki mbili badala ya kungoja siku 30 baada ya ankara, ili kama mwajiri ana tabia ya kuchelewa ajue akiwa amepoteza wiki mbili na si miezi miwili. Walijibu kwamba 1,350 hawana, lakini mshahara wanaweza kuupandisha hadi 145,000. Alikuwa ameolewa mwezi mmoja kabla. Akachukua mshahara.

Meza ile ya kushoto nina karatasi zenye ile hesabu, na nafasi tupu za kujaza takwimu zako mwenyewe. Aliye na barua ya kazi kwenye simu yake aje nayo sasa, tuanze na jina la kampuni.